Tumbawe likiwa jeupe, je, limekufa?

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Matumbawe ya Malindi yamegeuka meupe, maana yake yamekufa. Sasa ni mawe tu, vunjeni mchukue. Watumie wengine."

Hapana. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake laini wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani, wanaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kali kwa takriban digrii moja tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa. Nyama hubaki angavu, na weupe unaouona ni mifupa iliyo chini yake. Ana njaa, lakini yu hai. Kusi ikiingia mapema na maji yakapoa, anaweza kupata rangi tena. Joto likiendelea, hufa, kama wengi walivyokufa pwani yetu mwaka 1998.

Kuhakikisha, vaa miwani ya kuzamia maji yakipwa, utazame bila kugusa. Aliye hai ni mweupe safi, na vishimo vyake vina utando angavu. Aliyekufa huota manyoya ya mwani, kijani au kahawia, baada ya siku chache.

Kinachochanganya watu ni vipande vyeupe vya ufukweni, ambavyo kweli vimekufa zamani.

Ukimvunja aliyepauka, unaondoa pia mapango ya pweza na maficho ya changu wachanga, na mawimbi hufika ufukweni na nguvu zaidi. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.