Kinachomkera siyo myuzikali, ni ule mruko

Tuseme una rafiki anayecheka kila watu wakianza kuimba ghafla kwenye filamu, na unataka kumchagulia myuzikali ya kuanzia. Kuna watu bado wanaita kila filamu yenye nyimbo nyingi myuzikali, na mimi nimechoka kidogo. Myuzikali ni filamu ambayo nyimbo zinafanya kazi ya hadithi, ukizikata unapoteza kitu ambacho hakijasemwa kwingine, basi. Bohemian Rhapsody ya 2018 ni maisha ya mwanamuziki, kwa hiyo ukimpa mtu asiyependa watu kuimba ghafla akaipenda, bado hujajua chochote kuhusu myuzikali na yeye.

Sasa huyo mtu muulize vizuri anachekea nini. Mara nyingi siyo uimbaji, ni ule mruko: watu wanaongea kawaida, mara okestra inatoka hewani, mtu anaimba mpaka mwisho halafu wenzake wanaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujamchagulia ni hili, wimbo ukiisha, wahusika wengine wanajua kwamba mtu ameimba? Kama wanajua, mruko haupo.

Ndo maana mimi naanza na Cabaret ya Bob Fosse, 1972, hadithi ya klabu ya usiku ya Berlin mwaka 1931, Kit Kat Klub. Ile ya jukwaani ya 1966 ilikuwa na nyimbo ambazo wahusika wanaimbiana hata nje ya klabu, Fosse akaziondoa, kwenye filamu karibu kila wimbo uko juu ya jukwaa la klabu na wateja wamekaa wanatazama. Lakini bado ni myuzikali kamili, maana jukwaa linasema yanayotokea mtaani. Kuna ule wimbo mshereheshaji anacheza na sokwe aliyevaa gauni, watu wanacheka, mstari wa mwisho unawageuka, unagundua kejeli yote ilikuwa juu ya Wayahudi. Hakuna mhusika aliyekaa akakueleza hilo kwa maneno.

Wimbo mmoja tu uko nje ya klabu, kwenye bustani ya bia, kijana anaanza peke yake kwa sauti nzuri, kamera inashuka unaona kitambaa cha Wanazi mkononi, kisha wengine wanasimama mmoja mmoja kuimba naye. Hapo yule mchekaji wako hatacheka, na ni watu wameanza kuimba hadharani hivi hivi! (Siyo ya kuangalia na watoto lakini, mambo ya wakubwa ni mengi.)

Akiimaliza salama mpe Chicago ya 2002, ambayo nyimbo nyingi zinatokea kichwani kwa mhusika mkuu, Roxie, yaani mruko umerudi ila umepewa sababu. Zile za kuimba barabarani mchana kweupe ziache kwanza.

Na akikwambia "hii nimeipenda, kumbe siyo myuzikali", mwambie taratibu tu kwamba ni myuzikali, na asichokipenda ni aina moja ya kuingiza wimbo.