Kumpata mlezi wa kazini ukiwa fildi katika ofisi ya uhasibu ya halmashauri

Mwanafunzi wa uhasibu anayekwenda mafunzo kwa vitendo katika halmashauri ya wilaya hupewa barua inayomkabidhi kwa msimamizi mmoja, ambaye mara nyingi ndiye mkuu wa Kitengo cha Fedha na Uhasibu au mtu aliyeteuliwa naye. Msimamizi huyo ndiye anayesaini daftari la kumbukumbu za kila siku, ambalo wanafunzi hulijua kwa jina la logibuku, na ndiye anayejaza fomu ya tathmini yenye alama. Kwa miaka niliyoratibu mafunzo haya nimeona kwamba mtu anayemfundisha mwanafunzi kazi yenyewe ni mwingine kabisa: mhasibu wa meza ya jirani, asiyetajwa katika barua yoyote wala kulipwa kwa jukumu hilo. Huyo ndiye ninayemwita mlezi, na ninaandika kueleza namna ya kumtambua, kumwendea, na kuishi naye kwa adabu katika wiki nane ambazo fildi nyingi huchukua.

Faida kubwa ya mlezi ni kwamba hakupi alama. Mbele ya msimamizi mwanafunzi huficha asichokijua, na ni haki yake kuwa mwangalifu, kwa sababu anapimwa. Mbele ya mlezi anaweza kusema wazi kwamba hajawahi kuona hati ya malipo halisi, au kwamba darasani alijifunza kanuni ya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, lakini hajui aanzie ukurasa gani. Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wasimtumie mlezi kama mjumbe wa kuwaombea alama kwa msimamizi. Siku mlezi anapogeuzwa mjumbe, uhuru wa kumuuliza maswali ya msingi huisha, naye huanza kujihadhari.

Kabla ya kumtafuta mtu, fahamu kalenda ya ofisi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na hesabu za mwaka hutakiwa kumfikia Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, yaani kabla ya Septemba kwisha. Likizo ndefu ya vyuo vyetu, ambayo ndiyo majira ya fildi, huangukia humo humo. Mwanafunzi huingia ofisini wakati wahasibu wanafunga hesabu, wanatafuta viambatisho vilivyopotea na kujibu hoja za wakaguzi. Mtu akikujibu kwa mkato wiki ya kwanza, usihitimishe kwamba hapendi wanafunzi. Pengine ana ripoti inayosubiriwa saa nane mchana.

Kwa hiyo wiki ya kwanza itumie kutazama. Wengi humkimbilia mwenye cheo au mchangamfu, ilhali cheo na uchangamfu havitoshi. Mtazame yule ambaye wenzake humwendea karatasi inapokwama, na usikilize anavyowajibu: je, huichukua hati na kuimaliza mwenyewe, au humwonyesha mwenzake mahali ilipokosewa? Wa kwanza anaweza kuwa fundi hodari, lakini wa pili ndiye mwalimu. Angalia pia hati zake. Mhasibu ambaye viambatisho vyake vimepangwa kwa mfuatano, na dokezo lililoidhinisha malipo limo ndani ya faili, atakufundisha utaratibu hata siku asiposema neno. Masjala nayo ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili, kwa kuwa watumishi wake hupeleka mafaili kila meza na wanajua nani huyarudisha kwa wakati.

Ukishamtambua, usimwombe awe mlezi wako. Ombi la namna hiyo humtwisha mtu mzigo asioujua uzito wake, na wengi hulikubali kwa heshima kisha wakalikwepa. Anza na swali moja la kazi, ambalo umekwisha kulihangaikia mwenyewe na ambalo linaweza kujibiwa ndani ya dakika kumi. Nitaeleza mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema juu ya hatua hii.

Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kusuluhisha akaunti moja ya benki ya mwezi mmoja. Daftari la fedha lilionyesha salio la shilingi 18,450,000, na taarifa ya benki ilionyesha shilingi 19,130,000, tofauti ya shilingi 680,000. Aligundua mwenyewe kwamba malipo ya shilingi 380,000 yalikuwa yameandikwa daftarini lakini benki ilikuwa haijayatoa. Zikabaki shilingi 300,000. Alitafuta muamala wa shilingi 300,000 kila mahali, asiuone.

Angeweza kwenda na kusema, "Mama, hesabu yangu imekataa." Badala yake alichukua karatasi moja, akaandika salio zote mbili, malipo aliyoyapata, na kiasi kilichobaki. Alingoja mpaka baada ya chakula cha mchana, akamsogelea mhasibu aliyekuwa amemtazama kwa siku kadhaa, akasema: "Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Nimepewa usuluhishi wa mwezi huu na nimebakiwa na laki tatu ambazo nimezitafuta sijazipata. Nimeandika hapa nilichokwisha kufanya. Ukipata dakika kumi leo au kesho, naomba unionyeshe ninapokosea kutafuta."

Yule mama aliitazama karatasi, akamwambia aache kutafuta kiasi kimoja. Alimtaka achukue taarifa ya benki na kuweka alama kwenye kila mstari usiokuwemo daftarini. Mwanafunzi alipata mistari miwili: shilingi 320,000 zilizorudi kwenye akaunti kwa sababu malipo yalikataliwa, namba ya akaunti ya mlipwaji ikiwa imekosewa, na shilingi 20,000 za makato ya benki. Moja iliongeza na nyingine ilipunguza, ndiyo maana hakuna muamala wa laki tatu uliopatikana. Salio la daftari lilipoongezwa 320,000 na kupunguzwa 20,000 lilifika 18,750,000, na salio la benki lilipopunguzwa 380,000 lilifika hapo hapo.

Ombi lile lilikubalika kwa sababu karatasi ilionyesha kwamba mwanafunzi amefanya kazi kabla ya kuuliza, tena muda ulitajwa na mwenye muda akaachiwa achague saa. Lakini kilichougeuza msaada ule kuwa uhusiano kilitokea kesho yake. Mwanafunzi alirudi na usuluhishi uliokamilika, akamwonyesha, akashukuru, akaondoka bila swali jipya. Wengi huiruka hatua hii. Mtu aliyekusaidia anapenda kujua kama msaada wake ulifika, na asipojua, swali lako la pili litamkuta hana hamu nalo.

Kisha kuna suala la msimamizi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa wanafunzi wangu. Ofisi ni ndogo, msimamizi atajua kwamba unafundishwa na mwingine, na ni heri alisikie kutoka kwako mapema, kwa sentensi isiyo na hila: "Mzee, mama wa meza ya malipo amenielekeza namna ya kusuluhisha benki, nikikwama katika hilo, naomba ruhusa niendelee kumuuliza." Sijaona msimamizi aliyekataa akiombwa hivyo. Lakini nimeona wanaokasirika, na kwa haki, wanapokuta mwanafunzi amebadilisha kazi waliyompa kwa sababu mlezi kamwambia kuna njia bora. Maelekezo ya wawili hao yakipingana, fuata ya msimamizi, kisha muulize yeye mwenyewe sababu, bila kulitaja jina la mlezi. Ukimtaja umewagonganisha watu watakaobaki ofisini pamoja wewe ukiwa umerudi chuoni.

Mipaka mingine inahusu kazi yenyewe. Malipo ya halmashauri hupita katika mfumo wa MUSE, ambamo kila mtumishi huingia kwa nywila yake na kila hatua hubeba jina lake. Mlezi aliyechoka anaweza kukuambia, "Ingia hapo unimalizie," na kwako itaonekana kama ishara ya kuaminiwa. Kataa kwa upole: "Mama, naomba nikae pembeni nikusomee namba wewe ukiingiza." Kosa likitokea, jina litakaloonekana ni lake, nawe utakuwa umemdhuru mtu aliyekutendea wema. Vivyo hivyo, usipige picha hati za malipo kwa simu yako hata kama ni kwa ajili ya ripoti. Mwombe msimamizi ruhusa ya kuweka nakala iliyofutwa majina na namba za akaunti, na akikataa, chora muundo wa hati hiyo kwa mkono.

Mlezi pia atakuzoea, na katika mazoea hayo utasikia habari za nani kapandishwa cheo na nani hazungumzi na nani. Sikiliza bila kuchangia, na usizihamishe meza. Usimuulize mtu mshahara wake. Ujumbe wa simu utume saa za kazi na uhusu kazi. Zawadi usipeleke wakati fildi inaendelea, kwa sababu yupo ofisini penye mtu anayejaza alama zako, na mtu wa tatu hataweza kutofautisha shukrani na kitu kingine.

Nazungumzia pia jambo zito, hasa kwa mabinti, ingawa wavulana nao hukutwa nalo. Mlezi wa kweli hukufundisha mezani, mbele ya wengine. Akianza kutaka mkutane nje ya ofisi, kukuandikia usiku, au kukuambia kwamba ana sauti katika tathmini yako, hayo si malezi. Kuomba ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa simu namba 113. Mpigie pia mratibu wa chuo siku hiyo hiyo, kwani tunaweza kukuhamishia kituo kingine. Hifadhi ujumbe wote, na usisubiri wiki nane ziishe.

Wiki ya mwisho, muage mlezi wako kabla ya siku ya mwisho yenye pilikapilika, ukimtajia kitu kimoja mahususi alichokufundisha. Barua ya utambulisho au ya sifa usiiombe kwake. Hutoka kwa ofisi kupitia msimamizi. Lakini ukihitimu na kujaza maombi katika Ajira Portal, utatakiwa kutaja wadhamini, na mlezi anaweza kufaa kuwa mmoja wao. Mwombe kwanza, hata kama mna mawasiliano mazuri, na umtumie jina la nafasi unayoomba, kipindi ulichokuwa ofisini kwao, na kazi mlizofanya pamoja, kwa sababu tangu uondoke amepokea wanafunzi wengine na hawezi kukumbuka kila mwezi wa kila mmoja.