Kusaidilodi apu kwenye redio ya Android ya gari ni nini, na ukomee wapi

Kusaidilodi ni kuweka apu bila kupitia Play Store, yaani unapata faili la APK, unalitia kwenye flashi, unachomeka flashi kwenye redio, unaligusa linajiinstoli. Naongelea zile redio za skrini zenye Android yenyewe ndani, sio Android Auto, kule apu zinakaa kwenye simu na skrini ya gari inaonyesha tu.

Tuseme unataka ramani ya kutumia bila bando. Umegusa faili, inakuja "App not installed". Wengi hapo wanadaunilodi upya mara tatu nne wakidhani faili ni bovu, kumbe mara nyingi redio inaendesha mfumo wa biti 32 na faili ni la biti 64. Washa USB debugging, unganisha na laptop yenye programu ya adb, uliza:

```
adb shell getprop ro.product.cpu.abi
adb shell getprop ro.build.version.sdk
```

Ya kwanza ikijibu armeabi-v7a, yaani biti 32, tafuta APK ya aina hiyo, achana na arm64-v8a. Ya pili ikijibu 29 basi hiyo ni Android 10, hata kama Settings inasema 13, kuna redio zinaandikwa namba ya uongo na inaudhi kweli.

Sasa imeingia. Usiondoke bado, maana kuingia sio tatizo, tatizo ni kinachofuata. Gari likiwa limesimama, breki umekanyaga, zima redio uwashe, halafu weka rivasi papo hapo kabla haijatulia. Picha ya kamera ya nyuma ikichelewa kuliko zamani, au kitufe cha ile apu kikaelea juu ya picha, ujue apu inajiwasha yenyewe na kula RAM, au umeipa ruhusa ya "Display over other apps". Iondolee ruhusa hiyo, izuie isijiwashe, jaribu tena, na kama picha bado inasuasua itoe kabisa, ramani haina thamani ya kugonga mtoto aliye nyuma ya gari.

Kingine ni betri. Redio nyingi ukizima gari hazizimiki, zinalala, na apu ya kurekodi au ya kufuatilia gari inaweza kuzinyima usingizi. Ikivuta ampea 0.5 tu kwa saa 60, yaani umepaki Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, ni Ah 30 zimekwenda, na betri ya Ah 45 hapo inaweza isiwashe gari. Kwa hiyo baada ya kuweka apu mpya pima volti asubuhi kabla ya kuwasha, karibu 12.6 ni nzima, ikishuka mpaka 12.2 imebaki kama nusu.

Na apu zilizokuja na redio, yaani za kamera, vitufe vya usukani na kanbasi, ule mtandao wa mawasiliano ndani ya gari, usiziguse kabisa, hata kama kuna APK ya "toleo jipya", kwa sababu zimefungwa na ile chipu ndogo ya MCU ya redio yako hiyohiyo, ukiweka ya redio nyingine vitufe vinaweza kufa na rivasi isionyeshe kitu.