Mizani nane, ulimi bado wakwama

"Shikamoo mwalimu. Naandika kitabu cha watoto kwa vina, kinamhusu kasa anayetaga kisiwa cha Maziwe. Kila mshororo nimeupa mizani nane na vina vimetimia, lakini mwenzangu akikisoma kwa sauti anajikwaa. Kwa nini?"

Marahaba. Kosa haliko kwenye hesabu yako. Liko kwenye mkazo, kitu ambacho mizani haikioni.

Sisi wa Tanga tumekua na tenzi masikioni. Shaaban Robert mwenyewe ni mzaliwa wa hapa jirani, Vibambani, mwaka 1909, na hesabu ya mizani na vina tuliyofundishwa ni hesabu ya utungo unaoghaniwa. Mtu anapoghani, sauti ndiyo inayobeba mshororo. Huvuta silabi hii, huipitia ile haraka, na neno ambalo mkazo wake haukukaa vizuri husawazishwa na mahadhi. Ndiyo maana utenzi wenye silabi nane kila mshororo hauchoki kusikika usiku mzima. Kitabu cha mtoto hakina mahadhi. Mama anakisoma kitandani kwa sauti yake ya kuongea, na katika kuongea kila neno la Kiswahili hudai mkazo wake palepale ulipo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yako maneno machache yanayokwenda kinyume, kama "lazima", ambalo wengi tunalikazia mwanzoni, lakini kanuni yenyewe haiyumbi.

Sasa tusome ubeti wako wa kwanza kwa sauti ya kuongea.

Kasa mama kisiwani,
alifika mchangani,
mayai yake shimoni
kayafukia jamani.

Mshororo wa kwanza unasomeka hivi: KAsa MAma KIsiWAni. Neno refu kama "kisiwani" lina mkazo wake mkubwa kwenye "wa", na mwingine mdogo mwanzoni, kwa hiyo mapigo yanaangukia mizani ya 1, 3, 5 na 7. Ukipiga kidole mezani unakwenda kama mtu anayetembea. Mshororo wa pili unafuata vilevile: Ali-FIka, mcha-NGAni. Mguu haujakosea bado.

Njoo kwenye wa tatu. MaYAi YAke shiMOni. Mapigo yamehamia mizani ya 2, 4 na 7. Msomaji alikuwa ameshazoea kuanza kwa nguvu, sasa anaanza na silabi laini, kisha mapigo mawili yanafuatana karibu na la tatu linachelewa. Hapo ndipo mwenzako anapojikwaa. Hajui kwa nini, ila atarudi mwanzo wa mshororo ausome upya. Wa nne nao una mwendo wake: KAyafuKIa jaMAni, mizani ya 1, 4 na 7. Mishororo minne, miendo mitatu, na yote ina mizani nane kamili.

Chanzo ni urefu wa maneno. Neno la silabi mbili huanza na pigo, na la silabi nne hukaa kama maneno mawili ya silabi mbili. Ukiyapanga hayo peke yake, mwendo wa kutembea unajitunza wenyewe. Neno la silabi tatu, kama "mayai" au "shimoni", huanza na silabi isiyo na mkazo, kwa hiyo likitangulia mshororo husukuma kila kitu. Halikatazwi. Litangulizie kijineno cha silabi moja, "ni", "na", "ya" au "kwa", na vyote viwili vitatamkwa kama neno moja la silabi nne. "Mayai" linajikwaa mwanzoni mwa mshororo, lakini "ni mayai" linatembea.

Hapa uwe makini na hesabu yenyewe. "Mchanga" ni silabi tatu, kwa sababu hiyo "m" inasimama peke yake, kama ilivyo kwenye "mtoto" na "mbwa". Kwenye "mbuzi" na "ndizi" sauti ya mwanzo imeungana na inayofuata, nayo yana silabi mbili tu. Likikutatiza neno, litamke polepole huku ukipiga makofi. Usilihesabu kwa macho.

Vina vyako navyo vina jambo. Vinne vyote vinaishia "-ni", na kwa sheria ya ushairi vimetimia. Lakini "-ni" ni silabi ya mwisho, ile isiyokaziwa, na sikio la mtoto linashika zaidi pale penye pigo. Kwake "kisiwani" na "mchangani" vinafanana kwa sababu vyote vina "-ani". "Shimoni" analisikia limetoka kwenye mstari. Kwa kitabu cha kusomwa, kina kianzie kwenye irabu yenye mkazo: "pwani" na "nani", "ngoja" na "moja". Kiswahili kinatupa vina vya silabi moja bure, kwani maneno yetu karibu yote huishia kwenye irabu na mengi hupokea "-ni" ya mahali. Kitu kinachopatikana bure namna hiyo hakimshtui mtoto. Hatakisubiri.

Halafu tazama "jamani". Kasa anafukia mayai, jamani ya nini? Limekuja kuziba mizani tatu na kutoa "-ani". Maneno ya aina hii nayajua kwa majina: jamani, kweli, kabisa, hakika, sana. Liondoe neno, usome tena. Kama hakuna kilichopungua kwenye maana, lilikuwa la kuzibia. "Kayafukia" silihesabu kuwa kosa. Huku kwetu "kaja", "kaondoka", "kafukia" ndivyo tunavyosema sokoni na barazani, kwa hiyo mtoto wa Tanga halioni kuwa limekatwa. Lakini "aloketi", "enenda" au "shimo ndani" badala ya "ndani ya shimo" ni uhuru wa mshairi, na mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma atadhani ndivyo Kiswahili kilivyo, au atasimama kuuliza.

Tuujenge upya. Nimeanza kwa kujiuliza mtoto angesema nini angemwona kasa usiku. Angeuliza: "Nani yule?" Ni maneno mawili ya silabi mbili, tayari yanatembea. Ongeza "mchangani", na mizani nane imetimia bila kulazimisha neno. Jibu lake: kasa mama, kaja pwani. "Mayai" nimeyatoa kabisa, kwa sababu ubeti ulikuwa na mambo matatu, kufika, kutaga na kufukia, na ukurasa mmoja wenye picha moja unatosha jambo moja.

Nani yule mchangani?
Kasa mama, kaja pwani.
Anachimba, anachimba,
maji nayo yanaimba.

Piga kidole uone: 1, 3, 5, 7, mwanzo hadi mwisho. Vina ni "-ani" kwa "-ani", kisha "-imba" kwa "-imba". "Anachimba" limerudiwa na silioni kuwa la kuzibia, maana kasa huchimba kwa mapezi ya nyuma kwa muda mrefu na neno linachimba pamoja naye. Mayai tunayakuta ukurasa unaofuata:

Ni mayai mia moja;
usiguse, kaa, ngoja.

Kasa hutaga mayai kama 100 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hiyo "mia moja" haikuletwa na kina. Hilo ndilo ninalolichunga kuliko yote. Kwenye ubeti wako wa tatu umemlaza kasa "kwa majani" ili upate "-ani". Maziwe haina majani. Miti yake ilikwisha zamani, kimebaki kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa hukifunika, na ndiyo sababu mayai ya pale huhamishiwa bara, Ushongo. Mtoto wa Pangani ambaye baba yake ni mvuvi atajua kwamba kitabu kimemdanganya. Kina kikikuvuta kwenye uongo, badilisha mshororo wa kwanza wa jozi. Huo wa pili usiendelee kuupapasa, maana neno linalokosa mwenzake ni lile ulilolitanguliza.

Kwa sababu hiyohiyo, neno gumu lisikae mwisho. Ukija kuandika juu ya silikanti, samaki yule wa kale ambaye hifadhi yetu ya bahari ya Tanga ilitengwa kwa ajili yake mwaka 2009, utatafuta kina cha "-anti" mpaka uchoke. Mweke mwanzoni:

Silikanti yuko chini,
chini sana baharini.

Na hapa "sana" ina kazi yake, kwani samaki huyo anaishi kwenye maji marefu.

Si lazima utembee. Kuna mwendo mwingine wa mizani nane ninaoupenda, ule wa 1, 4 na 7, unaobembea. Unaupata ukianza na neno la silabi mbili kisha mawili ya silabi tatu. Sikiliza: KAsa, mZAwa wa PWAni / LEo kaRUdi nyuMBAni. Ni mwendo mtamu kwa kitabu cha kulalia, na kasa jike kweli hurudi kutaga kwenye pwani alikoanguliwa. Lakini ukiuchagua, uchague kitabu kizima. Mshororo mmoja wa kubembea katikati ya ile inayotembea utamwangusha msomaji hata ukiwa mzuri kuliko yote, na mimi huo "mzawa wa pwani" nimeutoa kwenye ubeti wa juu kwa sababu hiyo tu.

Kupima, usisome wewe. Mtunzi anaujua mwendo alioutaka, hivyo atavuta na kukaza ili utoke. Mpe mtu ambaye hajauona, mwambie asome mara moja tu bila kujiandaa, nawe kaa na kalamu. Kila anaposita, anaporudia au anapokaza silabi isiyo yake, weka alama, usimsahihishe. Ukimpa mtu wa pili na alama zikaangukia palepale, neno la pale ndilo la kubadilisha. Kisha wasomee watoto kurasa mbili au tatu, na ukifika "maji nayo" nyamaza kidogo. Wakilitaja neno linalofuata kabla yako, mkazo na kina vimefanya kazi. Wakikutazama tu, rudi kwenye jozi hiyo, uanze na mshororo wake wa kwanza.