Je, wajua kwa nini hesabu za video moja hazilingani?

"Video yangu ya mahamri na mbaazi ina Impressions 8,000, Views 900, na watu 620. Mbona hazilingani? Na Reach ni ipi hapo?"

Kila nambari inahesabu kitu chake. Impressions ni mara ambazo kijipicha cha video kilijitokeza mbele ya mtu. YouTube huihesabu pale kijipicha kinapokaa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja, na angalau nusu yake ikaonekana. Abiria wa matatu ya Likoni akikiona asubuhi na tena jioni, hizo ni mbili, hata kama hakubofya.

Views ni mara ambazo video ilitazamwa. Mtu mmoja akirudi kuangalia vipimo vya unga, huhesabiwa tena.

Reach inahesabu watu, lakini hapa wengi hukwama. Instagram huita hivyo idadi ya walioliona chapisho angalau mara moja. Ndani ya YouTube Studio, Reach ni jina la ukurasa wenye takwimu kadhaa. Idadi ya watu imeandikwa Unique viewers, nao ni waliotazama, si waliopita tu. Kwa hiyo usilinganishe Reach ya Instagram na wale 620.

Sasa turudi kwenye mahamri. Tuseme Studio inaonyesha kwamba asilimia 5 ya Impressions zilibofywa na kutazamwa. Asilimia 5 ya 8,000 ni 400, ilhali Views ni 900. Zile 500 zimetoka wapi?

Jibu ni kwamba si kila View huanzia kwenye Impression. Kiungo ulichotuma kwenye kundi la WhatsApp la jamaa wa Kisauni na Kongowea humpeleka mtu moja kwa moja kwenye video, wala hakiongezi Impressions. Arifa za simu nazo ni hivyo hivyo. Fungua Traffic source: ukikuta External iko juu kabisa, na ndani yake WhatsApp inaongoza, basi ni watu wako waliokubeba. YouTube yenyewe bado haijakutafutia wageni wengi, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza la kutazama.

Kosa jingine ni kujumlisha watu siku kwa siku. Jumatatu 300 na Jumanne 300 haziwi 600, kwa kuwa mtazamaji wa siku zote mbili ni mtu yule yule. Chagua kipindi chote kwenye kalenda ya Studio, usome nambari moja. Nayo ni makadirio, maana mtu mmoja anaweza kutumia simu na televisheni.

Shorts zina kanuni yao. Tangu 31 Machi 2025, View huhesabiwa mara tu Short inapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akiipitisha papo hapo. Ukitaka kujua ni mara ngapi watu walibaki kuitazama, soma Engaged views.