Kuuza opsheni juu ya Bitcoin unayoiweka kwa miaka: unapokea nini, unatoa nini

Katika dawati letu la elimu kwa wawekezaji kuna swali linalorudi kila bei ya Bitcoin inapotulia: mtu ana sarafu ambayo hana mpango wa kuiuza, na ameambiwa inaweza "kumzalia" asilimia moja na ushei kila mwezi. Njia anayoelezwa ni kuuza opsheni ya kununua, huku sarafu yake ikiwa dhamana. Fedha anayopokea ni ya kweli. Kinachofichwa ni bei ya fedha hiyo.

Anayenunua opsheni hiyo anakulipa ada leo ili apate haki ya kuchukua faida yote ya sarafu yako juu ya bei fulani mliyokubaliana, hadi tarehe fulani. Bei isipofika hapo, haki yake inakufa nawe unabaki na ada na sarafu. Ikivuka, sehemu iliyovuka ni yake. Wanaoijua butura ya kule Kagera, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, wataona ufanano, ila hapa bei ikishuka mnunuzi halazimiki kuchukua mzigo, na hasara ya kushuka inabaki kwako mwenye sarafu.

Tuchukue Ijumaa ya 25 Oktoba 2024. Bitcoin ilikuwa karibu dola 68,000, na uchaguzi wa Marekani ulikuwa mbele kidogo. Mwenye sarafu moja anauza, katika soko la Deribit, opsheni inayokwisha tarehe 29 Novemba kwa bei ya makubaliano ya dola 80,000. Kwa myumbo wa bei wa wakati ule, ada ya sarafu 0.0175 ni makadirio ya haki, nayo ndiyo tutakayoitumia. Ni kama dola 1,190 kwa wiki tano, na bei ya makubaliano iko karibu asilimia 18 juu. Wengi wangesema hapo hakuna hatari.

Baada ya uchaguzi bei ilipaa, na tarehe 29 Novemba ilikuwa karibu dola 97,000. Opsheni za kawaida za Bitcoin pale Deribit hulipana kwa Bitcoin yenyewe, saa 5:00 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Muuzaji anadaiwa dola 17,000, ambazo kwa bei ya 97,000 ni sarafu 0.175. Ukijumlisha ada aliyopokea, anabaki na sarafu takriban 0.842.

Sasa tazama hesabu hiyo kwa macho mawili. Kwa dola, ana takriban 81,700, yaani amepata faida ya dola 13,700, na ukurasa wa akaunti yake unaonyesha faida tupu. Asiyeuza chochote alipata 29,000, kwa hiyo zaidi ya nusu ya ongezeko imekwenda kwa mtu mwingine. Kwa sarafu, amepungukiwa 0.158. Kuirudisha kwa ada ya 0.0175 kwa mwezi kunahitaji miezi tisa mfululizo bila kuguswa tena. Kwa mtu wa muda mrefu, nadhani hesabu ya sarafu ndiyo ya kufuatwa, kwa sababu sarafu ndizo alizokusudia kuzihifadhi.

Mpaka wenyewe unapatikana kwa urahisi: gawa bei ya makubaliano kwa moja toa ada.

```
80,000 / (1 - 0.0175) = 81,425
```

Bei ya siku ya ukomo ikizidi 81,425, ungekuwa na nafuu kama usingeuza. Iandike namba hiyo kabla ya kubonyeza chochote.

Ugumu ni kwamba faida ya Bitcoin haiji kidogo kidogo kila mwezi. Hukusanyika katika wiki chache, na hizo ndizo anazozikata anayeuza kila mwezi. Bei ikishuka asilimia 30, ada ya chini ya asilimia mbili haimsaidii kitu. Mwezi unaofuata ada za bei ya 80,000 zimekuwa vijisenti, naye hushawishika kuuza kwa bei ya makubaliano ya chini, pengine chini ya aliyonunulia. Bei ikirudi ghafla, anakuwa amekula mporomoko wote na kukosa kupanda kwake. Biashara hii hung'aa zaidi bei ikitulia au ikipanda polepole.

Angalia pia bidhaa za "riba kubwa" katika masoko ya sarafu. Ukiona sharti kwamba bei ikifika kiwango fulani sarafu yako itabadilishwa kuwa dola, hiyo si riba. Umeuza opsheni hiyohiyo, mara nyingi bila kuonyeshwa ada ya soko ili ulinganishe.

Anayetaka kuuza hata hivyo asiuze opsheni juu ya akiba yote. Deribit huruhusu kuanzia sehemu ya 0.1 ya sarafu. Kama yule wa Oktoba angeuza juu ya 0.3 tu, ada ingekuwa ndogo, karibu sarafu 0.005, lakini Novemba angebaki na 0.953, sawa na takriban dola 92,400.