Mbona tunafungwa dakika za lala salama? Maswali na majibu kuhusu uchovu uwanjani

Shikamoo daktari. Nafundisha timu ya mtaani. Msimu huu tunaongoza vizuri, ikifika dakika ya 75 kwenda mbele tunafungwa. Vijana hawana pumzi au tumerogwa?

Marahaba. Ya kurogwa tuyaache. Ukizigawa dakika 90 katika mafungu sita ya robo saa, katika ligi nyingi fungu la mwisho ndilo linalobeba magoli mengi, na la kwanza huwa na machache. Kwa hiyo hauko peke yako.

Ila kabla ya kuwalaumu vijana, hesabu fungu hilo lina dakika ngapi hasa. Goli la dakika ya 90+4 huandikwa kwenye fungu la 76 hadi 90. Refa akiongeza dakika sita, hiyo si robo saa tena, ni dakika 21. Tuseme fungu la katikati lina magoli 10 kwa msimu mzima. Kwa mwendo uleule, fungu la mwisho lingekuwa na 14 hata kama hakuna mguu uliochoka. Ukikuta magoli 15, basi uchovu, presha na mbinu vyote vinagombania goli moja tu.

Tazama Iran na Wales kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, tarehe 25 Novemba 2022. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Cheshmi akafunga dakika ya 90+8, Rezaeian akaongeza dakika ya 90+11. Vitabuni magoli yote mawili ni ya "robo saa ya mwisho", wakati robo saa yenyewe ilishapita. Kipa wa Wales alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 86, kwa hiyo hata hapo uchovu haukuwa peke yake.

Chukua daftari. Kila mechi andika dakika ya goli pamoja na dakika refa alizoongeza, kisha gawa magoli kwa dakika zilizochezwa kweli. Usiamue kitu kwa mechi tano.

Sasa daktari, si timu zote mbili zinachoka? Straika naye kachoka. Magoli yangepungua basi, mbona yanaongezeka?

Swali zuri, na wengi hulipita. Anza ndani ya msuli. Mbio fupi za kasi huendeshwa zaidi na glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Watafiti wa Denmark waliwahi kukata vipande vidogo vya misuli ya wachezaji baada ya mechi, wakakuta karibu nusu ya nyuzi za msuli zimekaukiwa wanga au zimebaki na kidogo sana. Mchezaji wa namna hiyo bado anatembea, bado anakimbia polepole, ukimwangalia kutoka benchi utasema yuko sawa. Kinachokosekana ni ile mikimbio mitatu minne ya nguvu mfululizo.

Hapo ndipo beki anapoumia kuliko straika. Straika huchagua lini akimbie. Anaweza kusimama dakika nne akipumua, halafu akachomoka mara moja. Beki hana uhuru huo, kila anayechomoka lazima amfuate. Akichelewa hatua moja, krosi imeshapita. Na kosa la straika aliyechoka ni mpira kutoka nje, kosa la beki aliyechoka ni goli.

Ongeza wanaotokea benchi. Anayeingia dakika ya 70 ana misuli iliyojaa mbele ya beki aliyekimbia tangu mwanzo. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 1999 pale Camp Nou, Bayern waliongoza dhidi ya Manchester United tangu dakika ya 6. Sheringham akasawazisha dakika ya 90+1, Solskjaer akamaliza kazi dakika ya 90+3. Wote wawili walitokea benchi. Tangu wachezaji wa akiba wanaoruhusiwa kuingia wawe watano badala ya watatu, kocha asiyetumia benchi lake anawaacha mabeki wake wapambane na miguu mipya.

Mbona Zambia walitusawazishia wakiwa kumi? Waliotakiwa kuchoka si wao?

Kidonda hicho hakijapona, nami nilikiangalia kwa macho yangu kwenye televisheni. Tanzania na Zambia kwenye AFCON, San Pédro kule Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024: Msuva anatufungia dakika ya 11, Kabwe wa Zambia anatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 44, Daka anasawazisha kwa kichwa dakika ya 88.

Lilitokana na kona. Kona ni mpira uliosimama. Aliyechoka anapata nafasi ya kuvuta pumzi, warefu wanapanda, na upungufu wa mtu mmoja uliokuwa ukiwatesa uwanja mzima hauonekani sana ndani ya boksi. Kinachohitajika ni kuruka mara moja na kumfuata mtu wako kwa macho. Anayefungwa hana cha kupoteza, hupeleka watu mbele ambao dakika ya 30 asingethubutu kuwapeleka. Hilo nalo huongeza magoli ya mwishoni, na halina uhusiano na pumzi.

Nifanye nini basi siku ya mechi?

Mechi ikiwa saa kumi jioni, chakula kikuu kiwe kati ya saa sita na saa saba mchana: wali, ugali, viazi au ndizi kwa wingi, mboga kidogo, mafuta machache. Vijana wengi wa mchangani huingia na chai na andazi la asubuhi, halafu tunashangaa dakika ya 80.

Maji nayo yapime kwa mizani. Kijana wa kilo 70 akitoka na kilo 68.6 amepoteza asilimia mbili ya uzito wake, na kuanzia hapo wengi huanza kupungua kasi. Mrudishie takribani lita mbili polepole, pamoja na chakula chenye chumvi. Akitoka mzito kuliko alivyoingia, amekunywa kupita kiasi, na hilo pia lina hatari.

Mapumziko yasiwe ya kukaa dakika zote 15 mkisikiliza hotuba. Misuli hupoa, na aliyepoa huanza kipindi cha pili mzito. Wape dakika tatu nne za mwisho wakimbie kidogo na kunyoosha.

Kijana wangu alianguka dakika ya 82. Wenzake wakasema ni misuli imekaza tu. Nitajuaje?

Msuli uliokaza unamuuma mahali pamoja, mara nyingi kigimbi au nyuma ya paja, na kichwa chake kiko sawa. Mnyooshe taratibu, apumzike. Akisikia kitu kimechanika ghafla nyuma ya paja akiwa katika kasi, huyo atoke, asirudi hata kama mmebakiza dakika mbili. Majeraha ya sehemu hiyo hutokea sana mwishoni mwa vipindi.

Cha kuogopa ni kichwa. Muulize matokeo ni ngapi kwa ngapi. Akijibu hovyo, akiyumba, akitapika au mwili ukiwa wa moto sana, hilo ni joto limemzidi. Mvue jezi, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima bila kukoma na mumpepee, wakati mwenzako anatafuta gari la kwenda hospitali. Msimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu kamili, na msisubiri filimbi ya mwisho.